Kenta ya milioni 64 iko wapi kwenye hesabu? Nafuu ya uchakavu kwa lugha ya kawaida

Shemeji yangu ana kampuni ndogo inayonunua viazi mviringo Njombe na kuviuza Dar es Salaam. Mwaka wake wa kwanza alinunua kenta kwa shilingi milioni 64, akalipa yote. Mwisho wa mwaka mhasibu wake akamwonyesha kwamba kampuni imepata faida ya milioni 60 kabla ya kugusa suala la gari. Shemeji akanipigia simu akiwa amepandwa na hasira. "Hivi wewe, nimetoa milioni 64 mfukoni, akaunti imekauka, halafu naambiwa nina faida? Faida gani hiyo? Kenta si matumizi?"

Swali hilo nimelisikia kwa wenye malori, wenye mashine za kusaga na wenye karakana za kuchomelea. Ni swali la haki. Jibu lake liko katika kitu kinachoitwa nafuu ya uchakavu, ambacho wengine hukiita punguzo la uchakavu. Kwa Tanzania kimo katika Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kwenye Jedwali la Tatu mwishoni mwa sheria hiyo, sehemu ambayo wafanyabiashara wengi hawajawahi kuifungua.

Tuanze na mama lishe. Asubuhi ananunua unga, mafuta na mkaa, na kufikia jioni vyote vimekwisha. Hayo ni matumizi ya siku ile, na anapopiga hesabu ya faida yake anayatoa yote kwenye mauzo. Lakini Jumatatu hiyohiyo alinunua pia sufuria kubwa na jiko. Jioni ikifika sufuria bado ipo, na mwakani atakuwa anaipikia. Akiitoa bei yote ya sufuria kwenye mauzo ya Jumatatu, itaonekana amepata hasara kubwa siku hiyo, halafu siku zote zinazofuata zitaonekana na faida nono kana kwamba anapika bila sufuria. Hesabu zote mbili zitakuwa za uongo.

Sheria ya kodi inaichukulia kenta kama sufuria hiyo. Mafuta ya gari, mshahara wa dereva, bima na ushuru wa mazao ni unga na mkaa: vinakatwa mwaka uleule. Bei ya gari haikatwi yote kwa mkupuo. Inakatwa kipande kwa kipande, mwaka hadi mwaka, na kila kipande kinachokatwa ndicho nafuu ya uchakavu ya mwaka huo. Kwa hiyo kenta ya shemeji ni matumizi kweli, ila ni matumizi yanayosambazwa.

Ukubwa wa kipande hauamuliwi na mwenye gari wala mhasibu wake. Sheria imevigawa vifaa katika madaraja, na kila daraja lina asilimia yake. Kwa mwenye magari na mashine, madaraja matatu ya kwanza ndiyo yanayomhusu zaidi. La 1 lina kompyuta, magari madogo, mabasi yenye viti chini ya 30, malori yanayobeba chini ya tani 7, na mitambo ya ujenzi na kuchimbia udongo; kiwango chake ni asilimia 37.5. La 2 lina mabasi ya viti 30 na kuendelea, malori makubwa, matela, na mitambo ya viwandani. Kiwango ni asilimia 25. La 3 ni la samani na vifaa vya ofisi pamoja na chochote ambacho hakikupata nafasi kwingine, kwa asilimia 12.5. Majengo yana utaratibu wake tofauti, na leo sitayagusa.

Kenta ya shemeji inabeba chini ya tani 7, basi iko daraja la 1. Hapa ndipo watu wengi hukosea hatua ya kwanza. Wanasikia asilimia 37.5 na kudhani kila mwaka watakata asilimia 37.5 ya milioni 64, hivyo gari litakuwa limekatwa lote kabla ya mwaka wa tatu kuisha. Sivyo. Asilimia inapigwa kwenye thamani iliyobaki, si kwenye bei ya awali. Fikiria mtungi wa maji ambao kila asubuhi unachota theluthi ya maji yaliyomo. Siku ya kwanza unatoka na ndoo iliyojaa, siku ya pili pungufu kidogo, na kadiri siku zinavyokwenda unachota kidogo zaidi, kwa sababu mtungi wenyewe umepungua.

Kwa kenta inakuwa hivi. Mwaka wa kwanza, asilimia 37.5 ya milioni 64 ni milioni 24. Hizo zinakatwa kwenye faida, na thamani inayobaki ni milioni 40. Mwaka wa pili unapiga asilimia 37.5 kwenye hizo milioni 40, unapata milioni 15, inabaki milioni 25. Mwaka wa tatu unakata shilingi 9,375,000 na kubaki na 15,625,000. Ndani ya miaka mitatu zaidi ya robo tatu ya bei imekwishakatwa, na mkia unaobaki unaendelea kupungua taratibu.

Sasa turudi kwenye simu ya shemeji. Faida yake ilikuwa milioni 60. Ukitoa nafuu ya milioni 24, mapato yanayotozwa kodi ni milioni 36. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo analipa shilingi 10,800,000. Bila nafuu hiyo angelipa milioni 18. Kenta imempunguzia kodi kwa shilingi 7,200,000 katika mwaka wa kwanza.

Naomba usiipite hiyo namba haraka, maana inaua uvumi unaosambaa kuliko wote, kwamba "ukinunua gari la biashara TRA wanakurudishia hela." Hakuna anayerudishiwa chochote. Milioni 24 zimetoka kwenye faida, si kwenye kodi. Kilichopungua kwenye kodi ni asilimia 30 ya hizo milioni 24. Hata ukilimaliza gari lote kwa miaka yote, kodi uliyookoa haiwezi kuzidi asilimia 30 ya bei yake, yaani shilingi 19,200,000 kwa kenta ya milioni 64. Zile nyingine zimetoka mfukoni mwako na hazirudi. Nimewahi kumwona mtu akinunua gari asilolihitaji mwezi Desemba kwa sababu rafiki yake alimwambia "litakufutia kodi." Alitoa shilingi 100 ili asilipe shilingi 30.

Mkanganyiko wa pili unatokea ofisini kwa mhasibu. Ukifungua hesabu za kampuni utakuta tayari kuna mstari ulioandikwa "uchakavu." Shemeji aliuona wake: milioni 12.8. Mhasibu alikuwa ameamua kwamba kenta itadumu miaka mitano, akaigawa milioni 64 kwa tano. Hilo ni sahihi kwa hesabu za kampuni, kwa sababu hesabu hizo zinatakiwa zionyeshe hali halisi ya gari kadiri mwenye biashara anavyoiona. Lakini TRA haiufuati uchakavu huo. Wangeufuata, mmoja angesema gari lake linadumu miaka miwili na mwingine miaka kumi, kila mmoja kwa jinsi anavyopenda kodi yake iwe. Ndiyo maana sheria imeweka asilimia moja kwa wote.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya kukokotoa kodi kuna hatua mbili, na zote mbili ni lazima. Kwanza unarudisha uchakavu wa mhasibu. Faida ya vitabuni ilikuwa milioni 47.2, ukiongeza zile milioni 12.8 unarudi kwenye milioni 60. Kisha unakata nafuu ya kisheria, milioni 24, unafika milioni 36. Anayesahau hatua ya kwanza anakuwa amelikata gari lilelile mara mbili, na ni kosa ambalo mkaguzi hulitafuta mapema kwa sababu ni rahisi kuliona. Ukitaka kujua kama hesabu zako zina tatizo hili, chukua karatasi ya kukokotoa kodi na utafute mstari wa uchakavu uliorudishwa. Kama haupo, na nafuu imekatwa, uliza siku hiyohiyo.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila gari lina hesabu yake. Kwa kweli sheria haiangalii gari mojamoja. Vifaa vyako vyote vya daraja moja vinaingia kwenye kapu moja. Kenta, kompyuta ya ofisini na pikapu ya mizigo vyote vinakaa kwenye kapu la daraja la 1, na asilimia 37.5 inapigwa kwenye salio la kapu zima mwishoni mwa mwaka. Ukinunua kifaa kingine, bei yake inaongezwa kapuni. Ukiuza kimoja, pesa uliyouzia inatolewa kapuni.

Utaratibu huu unaonekana mchungu siku ya kuuza. Tuseme mwaka wa nne shemeji anaiuza kenta. Kapu lake lina shilingi 15,625,000. Magari ya mizigo hayashuki bei haraka kama sheria inavyodhani, na mteja wa Makambako anampa milioni 28. Kama kapu halina kitu kingine na hajanunua gari jipya mwaka huo, milioni 28 zinatolewa kwenye 15,625,000, na ziada ya shilingi 12,375,000 inageuka kuwa mapato ya biashara na kutozwa kodi. Watu hulia hapa: "Nimeuza gari langu mwenyewe, kodi ya nini tena?" Lakini angalia. Alikwishakata shilingi 48,375,000 akisema gari limechakaa kwa kiasi hicho. Soko limeonyesha kwamba limechakaa kwa milioni 36 tu. Sheria inairudisha ile tofauti aliyoikata zaidi, na tofauti hiyo ndiyo 12,375,000.

Mizani inapima pande zote mbili. Kama gari lingepata ajali, akaliuza kwa milioni 9 na kubaki na kapu tupu, shilingi 6,625,000 zilizobaki zingekatwa zote mwaka huohuo, bila kusubiri asilimia.

Na kama mwaka uleule wa nne angenunua kenta nyingine kwa milioni 70? Hapo kapu linamsaidia. Anaanza na 15,625,000, anaongeza milioni 70, anatoa milioni 28 za mauzo. Salio ni shilingi 57,625,000. Hakuna ziada ya kutozwa kodi, na anapiga asilimia 37.5 kwenye salio hilo kupata nafuu ya zaidi kidogo ya milioni 21.6. Kwa mwenye biashara ya magari, tofauti kati ya kununua gari la pili tarehe 15 Desemba na kulinunua Januari inaweza kuwa kubwa sana kama la kwanza liliuzwa mwaka huo. Mwenye mpango wa kubadilisha gari aiketie hesabu hii kabla ya kupokea pesa ya mnunuzi.

Kuna wanaouliza kama wanaweza "kuiweka akiba" nafuu ya mwaka mbaya, waitumie mwaka wenye faida. Hairuhusiwi. Nafuu ya mwaka huu inakatwa mwaka huu, hata kama itakuingiza kwenye hasara. Hasara hiyo ndiyo inayoweza kuvushwa kwenda miaka inayofuata, kwa masharti yake.

Upande wa mashine kuna jambo la kumfurahisha mwenye kiwanda. Mashine iliyofungwa kiwandani na kutumika kuzalisha bidhaa hupata nusu ya gharama yake mwaka wa kwanza, na nusu iliyobaki inaendelea kwa kiwango cha daraja lake. Mwenye mashine ya kukamua alizeti Singida aliyoinunua kwa milioni 80 na kuifunga kiwandani anakata milioni 40 mara moja. Neno la kushika ni "kufungwa kiwandani." Jenereta unayoihamisha kutoka harusi hadi harusi haimo. Vifaa vilivyofungwa kwenye hoteli inayohudumia watalii na vile vya ufugaji wa samaki vinapata nafuu kama hiyo, na mitambo ya kilimo iko kwenye daraja lake lenye asilimia 100, yaani inakatwa yote mwaka wa kwanza.

Gari la kutembelea, kwa upande mwingine, limewekewa kizuizi. Kwa gari lisilo la biashara sheria inaweka kikomo cha bei inayotambuliwa. Kinachozidi hapo hakiingii kapuni hata kama kampuni ndiyo iliyolipa. Gari la biashara hapa ni lile lililoundwa kubeba mzigo wa zaidi ya nusu tani au abiria zaidi ya 13, au linalotumika katika biashara ya usafirishaji au ya kukodisha magari. Kenta inapita bila shaka. Gari la kifahari la mkurugenzi halipiti, hata likichorwa nembo ya kampuni mlangoni.

Mwenye ndugu Nairobi asichukue namba zake na kuja nazo Dar. Kenya wana nafuu hii pia, ila magari yanakatwa asilimia 25 kila mwaka kwa mafungu sawa, si kwa thamani inayobaki, na gari lisilo la biashara linatambuliwa hadi shilingi milioni 3 za Kenya. Wazo ni moja, hesabu ni mbili. Na hapa kwetu Sheria ya Fedha hugusa kodi kila Julai, kwa hiyo asilimia ulizokariri miaka mitano iliyopita zihakiki upya kabla ya kuzitumia.

Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi kwa makadirio ya mauzo, yaani mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka, hana pa kuikata nafuu hii. Kodi yake inapigwa kwenye mauzo, si kwenye faida, na nafuu ni kitu kinachotoka kwenye faida. Anayemshauri mtu wa namna hiyo anunue pikapu ili "apunguze makadirio" anampoteza.

Mkopo nao unawachanganya wengi. Ukinunua kenta kwa mkopo wa benki, bei yote ya milioni 64 inaingia kapuni hata kama umelipa marejesho mawili tu. Lakini marejesho ya deni lenyewe huwezi kuyakata tena kama matumizi. Ungekuwa umelikata gari mara mbili. Riba ndiyo inayokatwa peke yake, kama gharama ya kukopa.

Nimalizie kwa yaliyompata shemeji, kwa sababu alikuwa na kenta ya pili. Aliponiletea makaratasi nikaomba kadi ya gari, risiti na mkataba wa kununulia. Ya kwanza ilikuwa sawa: jina la kampuni kwenye kadi, pesa imetoka akaunti ya kampuni. Ya pili, kadi ilikuwa na jina lake yeye. "Si mimi ndiye mwenye kampuni?" akauliza. Ndiyo, lakini kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, na nafuu anapewa yule anayekimiliki kifaa na kukitumia kuzalisha mapato yake. Gari la mkurugenzi si gari la kampuni mpaka umiliki ubadilishwe. Na tulipotazama tarehe tukakuta jambo jingine: aliilipia Novemba, meli ikashusha bandarini wiki ya mwisho ya Desemba, na safari ya kwanza ya viazi ilikuwa tarehe 9 Januari. Nafuu haihesabiwi kwa mwezi, kwa hiyo gari lililoanza kazi Desemba linapata asilimia yote ya mwaka. Lakini gari lililokuwa bado bandarini halijaanza kazi. Tukaitoa kenta ya pili kwenye hesabu za mwaka ule, na Jumatatu iliyofuata akaenda kuanza taratibu za kuihamishia jina la kampuni.